Gunia Juu ya Mwamba: Jinsi Mfululizo wa Wanawake wa Maandiko Unavyopangwa

Rispa binti Aya hasemi neno hata moja katika Biblia nzima. Anatajwa mahali pawili, pote katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Katika sura ya 3 wanaume wawili wanagombana kwa ajili yake: Ishboshethi anamshutumu Abneri kwamba amelala na suria wa marehemu mfalme Sauli, Abneri anawaka hasira, na ugomvi huo unageuza siasa ya nchi nzima. Rispa mwenyewe haulizwi kitu. Katika sura ya 21 anatandika gunia juu ya mwamba, anakaa hapo, na kufukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiziguse maiti saba. Mbili kati ya hizo ni za wanawe wa kuwazaa. Hapo napo hanukuliwi.

Mtu anayetaka kutengeneza mfululizo wa vipindi vifupi kuhusu wanawake wa Maandiko, kila mwanamke na kipindi chake, ningemshauri aanze kupanga na huyu, hata kama kipindi chake hakitatangulia kuonyeshwa. Wanawake wanaosema sana hutudanganya. Ukiwa na hotuba ndefu ya Abigaili mkononi, unaweza kuweka picha yoyote chini yake na kipindi bado kitasikilizika. Kwa Rispa huna pa kujificha. Kama mtindo wa picha uliouchagua unaweza kumbeba yeye kwa dakika nne bila kumwekea maneno mdomoni, utawabeba wote. Usipoweza, ni afadhali ujue wakati bado uko kwenye karatasi.

Mpango ninaoueleza hapa una vipindi 8 vya dakika 4 kila kimoja: Hajiri, mabinti wa Selofehadi, Yaeli, Abigaili, Rispa, Hulda, mwanamke Mshunemu, na Mariamu Magdalene. Msomaji makini atauliza Debora yuko wapi, na Esta, na Ruthu. Hawajasahauliwa. Esta ana kitabu kizima cha sura 10 chenye karamu, njama, amri mbili za mfalme na mti wa kunyongea. Ukimbana katika dakika nne, unachopata ni muhtasari, na muhtasari haugusi mtu. Ruthu vivyo hivyo. Debora na Yaeli wamo katika vita moja, Waamuzi sura ya 4 na 5, na ukiwapa kila mmoja kipindi chake utalazimika kueleza vita hiyo hiyo mara mbili. Nimemchukua Yaeli kwa sababu habari yake inatosha ndani ya hema moja: mtu mwenye kiu anaingia, anaomba maji, anapewa maziwa, anafunikwa, analala, na haamki.

Kigezo basi ni tendo. Mwanamke anayeingia kwenye mfululizo wa namna hii ni yule ambaye tendo lake moja lina mwanzo na mwisho ndani ya aya chache. Umaarufu hausaidii. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wengi hawawajui, lakini tendo lao limekamilika katika Hesabu sura ya 27: wanasimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wanadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na sheria inabadilika. Wako watano, ila wanasimama pamoja na kudai jambo moja, kwa hiyo kipindi kinawahesabu kama mtu mmoja.

Kila kipindi kinapewa ukurasa mmoja katika mpango, usizidi. Juu kabisa huandikwa sura na aya zitakazofuatwa. Chini yake tendo, kwa sentensi moja. Halafu kitu kimoja atakachokuwa nacho mwanamke huyo, kitu cha kushikika kilichotajwa katika aya hizo hizo. Baada ya hapo sauti zitakazosikika, na mwisho picha ya kufungia. Ukurasa huo ndio mchoraji, msimulizi na mhariri wanarudi kuusoma kila wanapobishana, na watabishana.

Mstari wa sura na aya unaonekana kama jambo la makarani, lakini ndio unaookoa kazi. Mchukue Hajiri. Ukimwambia mchoraji yeyote amchore Hajiri, atamchora jangwani na mtoto na kiriba cha maji kilichokauka. Picha hiyo ni ya Mwanzo sura ya 21. Kipindi changu kinafuata sura ya 16, alipotoroka mara ya kwanza akiwa mjamzito, akafika kwenye chemchemi iliyo njiani kuelekea Shuri. Katika sura hiyo Ishmaeli hajazaliwa, na hakuna kiriba. Hajiri hana chochote mkononi. Kitu pekee kilichopo ni maji yenyewe. Mchoraji akimpa kiriba kwa mazoea, atakuwa amechanganya safari mbili ambazo katika maandishi zimepishana miaka mingi.

Nilichagua sura ya 16 kwa sababu nyingine pia. Watazamaji wa Kiswahili wengi ni Waislamu, na wao wanamjua Hajar kwa mbio zake kati ya Safa na Marwa na maji ya Zamzam, katika bonde la Makka. Biblia inaiweka habari ya kiriba katika jangwa la Beersheba. Ukichora kipindi kimoja kinachojaribu kuwa yote mawili, hakuna atakayekitambua. Sura ya 16 haigongani na kumbukumbu hiyo: mwanamke mtumwa, Mmisri, anakutana na malaika penye maji, na yeye ndiye anayempa Mungu jina. Mkristo na Mwislamu wanaweza kuitazama pamoja wakiwa wamekaa kwenye kochi moja.

Sasa picha. Mfululizo unaofanana sura kila wiki haufanyi hivyo kwa urembo tu. Kila kipindi kikiwa na mtindo wake, mtazamaji hutumia nusu dakika ya mwanzo kuzoea macho, na katika dakika nne nusu dakika ni nyingi. Mtindo ukirudiwa, kuanzia kipindi cha tatu anakuwa ameshazoea, na kinachobadilika ndicho anachokiona. Uzuri wa kurudia uko hapo: unamfundisha mtu kuona tofauti ndogo.

Kanuni za picha za mfululizo huu ni chache. Watu wote ni vivuli vyeusi vya karatasi iliyokatwa, bila sura, bila macho. Mstari wa ardhi unapita mahali pale pale katika kila kipindi, theluthi moja kutoka chini. Mwanga unatoka kushoto. Kamera haisogei. Kitu kimoja tu kina rangi, nacho ni kile kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mpango: kigingi cha Yaeli, mzigo wa punda wa Abigaili, kitanda alichokiweka Mshunemu katika chumba cha Elisha. Kipindi kinaanza na kitu hicho peke yake na kinaisha na kitu hicho peke yake. Na kila kipindi kina ruhusa ya kuvunja kanuni moja, mara moja tu.

Vivuli vya karatasi si uvumbuzi wangu. Lotte Reiniger, msanii wa Kijerumani, alitengeneza kwa njia hiyo filamu nzima iliyotoka mwaka 1926, ikimhusu mwanamfalme Ahmed kutoka hadithi za Alfu Lela Ulela, na ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyosalia duniani. Alikata watu kwenye karatasi ngumu nyeusi, akaunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikitazama kutoka juu. Alisogeza mkono kidogo, akapiga picha, akausogeza tena. Kazi hiyo ilimchukua yeye na wenzake miaka mitatu. Leo simu iliyofungwa juu ya meza ya kioo inafanya kazi ya kamera yake, lakini kusogeza ni kule kule. Kwa picha 12 kila sekunde, dakika nne zinahitaji picha 2,880. Ndiyo maana mpango unapenda wanawake wanaokaa, wanaosimama, wanaongoja. Mahali ambapo hakuna kinachosogea, picha moja inatosha sekunde tano.

Kutokuwa na sura nako kuna sababu zaidi ya urahisi. Waislamu wengi hawakubali manabii wachorwe, na filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu ilitatua jambo hilo kwa kutomwonyesha Mtume kabisa wala kutoa sauti yake. Kamera ilisimama mahali pake na wengine wakazungumza nayo. Katika mfululizo huu Musa na Elisha hawaingii kwenye picha. Tunaona mabinti watano wamesimama wakielekea upande fulani, na tunajua nani yuko upande huo. Kwa upande wa Wakristo faida ni tofauti: mwanamke asiye na sura hawezi kuwa Mzungu wa kwenye kalenda. Mtazamaji wa Mbeya au wa Bukavu hapewi uso wa kigeni wa kuupokea au kuukataa.

Kivuli kina udhaifu wake. Kinasomeka vizuri kikiwa kimeelekea pembeni, pua na kidevu vikionekana, na kinakuwa fundo jeusi kikielekea kwako. Lakini katika michoro ya kanisa la Ethiopia, kwa desturi ya karne nyingi, watu wema huchorwa wakitazama mbele kwa macho mawili, na waovu ndio wanaochorwa pembeni kwa jicho moja. Mtu aliyelelewa na michoro hiyo anaweza kumwona kila mwanamke wetu kama mshirika wa Yuda. Nimeishi na tatizo hilo bila kulimaliza. Nilichofanya ni kuwaonyesha mara nyingi kwa mgongo, na kuwaachia mikono ieleze.

Turudi kwa Rispa, tuone kanuni hizo zikifanya kazi.

Habari yake inakuja na mzigo mkubwa wa nyuma. Kuna njaa ya miaka mitatu. Mfalme Daudi anamwuliza Bwana sababu, anaambiwa ni damu: Sauli aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli walikuwa wamewaapia kutowadhuru tangu siku za Yoshua. Wagibeoni hawataki fedha, wanataka wanaume saba wa ukoo wa Sauli. Daudi anamwacha Mefiboshethi mwana wa Yonathani kwa sababu ya kiapo kingine, anatoa wana wawili wa Rispa na wajukuu watano wa Sauli kwa binti yake. Wanauawa na kutundikwa mlimani, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri.

Ukisimulia yote hayo, umekula dakika mbili na Rispa bado hajaonekana. Rasimu nyingi za vipindi vya namna hii hufia hapo, kwenye maelezo. Msimulizi asiye na haraka husoma kama maneno 100 ya Kiswahili kwa dakika, na kipindi cha dakika nne kinachopumua vizuri hakihitaji zaidi ya maneno 250. Kwa hiyo habari yote ya nyuma inapewa sentensi tatu: Mfalme Sauli alivunja kiapo, akaua watu wasio na ulinzi. Miaka mingi baadaye, njaa ilipokaza, waliobaki walidai wanaume saba wa ukoo wake, na mfalme mpya akawatoa. Wawili walikuwa watoto wa Rispa. Kiapo cha Yoshua kimeachwa, Yonathani ameachwa. Anayetaka zaidi ana sura na aya mbele yake.

Sentensi hizo zinasemwa huku picha ikionyesha mwamba mtupu na vivuli saba virefu vya nguzo vimelala juu yake. Nguzo zenyewe haziko kwenye picha, wala miili. Hapa nilibishana sana na mchoraji. Georges Becker, mchoraji wa Kifaransa, alichora tukio hili mwaka 1875 kwenye turubai kubwa: miili imening'inia juu, Rispa chini yake ameinua rungu, ndege mkubwa anamrukia. Ni picha ya kutisha na ina nguvu, na mchoraji wangu alitaka kitu cha aina hiyo. Lakini ukionyesha miili, jicho la mtazamaji halitatoka kwenye miili. Atakumbuka waliokufa na kumsahau aliye hai, na kipindi kina jina la aliye hai. Vivuli saba kwenye mwamba vinatosha kuhesabika.

Kisha gunia. Hili lilituletea shida ambayo hatukuitegemea. Sisi tukisikia gunia tunaona katani, rangi ya mchanga, na mchoraji alikwisha kulipaka hivyo. Nguo ya maombolezo ya nchi zile ilifumwa kwa manyoya ya mbuzi, nzito na nyeusi au kahawia iliyokolea. Sasa kanuni yetu inasema mwanamke ni mweusi na kitu chake ndicho chenye rangi. Ukilipa gunia rangi yake ya kweli, Rispa akilikalia wanakuwa donge moja. Ukilipaka manjano, umetengeneza gunia la mahindi. Tulimaliza kwa kuongeza mwanga wa mwamba mpaka ukawa karibu mweupe, gunia likawa kahawia yenye wekundu, na Rispa akabaki mweusi. Ngazi tatu za giza, kila moja ikionekana. Kutoka hapo tuliandika kwenye mpango kwamba rangi ya kitu ijaribiwe dhidi ya kivuli kabla hata ya kuchora kipindi, na ikabidi kubadili rangi ya kigingi cha Yaeli pia.

Kulitandika gunia kunachukua sekunde 20, bila msimulizi. Katika rasimu ya kwanza ilikuwa sekunde 6. Tofauti haionekani kwenye karatasi, lakini ukimtazama mtu akitandika kitu kwa sekunde 20, akirudi kunyoosha pembe moja, unaelewa kwamba hana mpango wa kuondoka leo.

Baada ya hapo inakuja kanuni itakayovunjwa. Mwanga, ambao katika vipindi vingine haubanduki upande wa kushoto, hapa unasafiri. Vivuli saba vinatambaa juu ya mwamba, vinapita juu ya gunia, vinapita juu ya Rispa, vinafifia, usiku, vinaanza tena. Mchana ni mabawa, yanasikika kabla ya kuonekana, na mkono wake unainuka. Usiku ni miguu kwenye changarawe, na mkono unainuka. Hakuna muziki. Mzunguko huo unarudiwa mara nne, kila mara mfupi kuliko uliotangulia, na kila mara mkono unainuka taratibu zaidi.

Je, alikaa siku ngapi? Maandishi yanasema tangu mwanzo wa mavuno mpaka maji yalipowamiminikia kutoka mbinguni. Mavuno ya shayiri katika nchi ile huanza kama mwezi wa 4, na mvua za kawaida hurudi kama mwezi wa 10. Ndiyo maana wahubiri wengi husema miezi sita, au mitano. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ukame, na mvua inayotajwa inaweza kuwa ilishuka nje ya majira, wiki chache tu baadaye. Wapo wanaoisoma hivi na wapo wanaoisoma vile. Msimulizi wetu basi hataji idadi. Mchoraji alipendekeza kuonyesha shamba la nyuma likipita majira yote, shayiri, ngano, zabibu, zeituni. Ni wazo zuri sana na nililikataa, kwa kuwa lingesema miezi sita kwa picha huku tukijisifu kwamba hatujaisema kwa mdomo. Nyuma ya mwamba kuna shayiri inayokatwa, halafu mabua, halafu mabua tu.

Kwa nini alikaa, hilo nalo maandishi hayasemi. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaagiza kwamba maiti ya aliyetundikwa isilale juu ya mti, izikwe siku hiyo hiyo. Hawa hawakuzikwa. Mtu anaweza kumsoma Rispa kama mama mwenye majonzi, na ndivyo anavyochorwa kwa kawaida. Anaweza pia kumsoma kama mtu anayeionyesha serikali sheria yake yenyewe, mbele ya watu, kila siku. Picha zetu hazichagui. Ila zipo sekunde kama kumi ambapo Rispa hafukuzi kitu chochote, amekaa tu wima akitazama bonde, upande ambao watu wanapita. Nilimzuia mhariri asizikate.

Mvua inapoanza, gunia linakolea rangi kwa kulowa. Ndipo msimulizi anarudi.

Hapa pana mtego mwingine, na ni mkubwa kuliko wote niliokutana nao katika kazi hii. Mara tu baada ya mvua, maandishi yanahamia kwa Daudi: anaambiwa alichofanya Rispa, anakwenda kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka kwa watu wa Yabesh-Gileadi, mifupa ya wale waliotundikwa nayo inakusanywa, na mifupa ya Sauli na mwanawe inazikwa Sela, katika nchi ya Benyamini, kaburini mwa Kishi baba yake Sauli. Ni tendo kubwa, lina safari na maziko. Rasimu ya kwanza ilimfuata mfalme, na dakika ya mwisho ikawa yake. Tulipoitazama tukaona kwamba kipindi cha Rispa kimekuwa kipindi cha Daudi chenye utangulizi mrefu.

Kwa upande wa pili hatukuweza kumpeleka Rispa makaburini, kwa sababu hakuna aya inayosema alikuwepo. Kumbe jibu lilikuwa kwenye kanuni zenyewe: kamera haisogei. Msimulizi anaeleza alichofanya mfalme kwa maneno 40, na muda wote huo tunatazama mwamba. Vivuli saba vinatoweka kimoja kimoja. Rispa anaondoka upande wa kulia. Gunia linabaki, na hapo kipindi kinafika dakika ya nne. Dosari hii unaweza kuipima katika kipindi chochote: hesabu sekunde ambazo mwanamke mwenye jina la kipindi yuko kwenye picha au kitu chake kipo. Zikiwa chini ya nusu, mtu mwingine amekichukua kipindi, na mara nyingi ni mfalme, mume au nabii. Katika rasimu ya Hulda ilitokea hivyo hivyo, mfalme Yosia akila muda wote kwa kurarua mavazi yake.

Nimesema kitu cha kila mwanamke kinatoka kwenye aya zilizochaguliwa. Anayeona huo ni ukali wa bure amtazame Mariamu Magdalene. Luka sura ya 8 inasema alitolewa pepo saba, na kwamba yeye, Yoana, Susana na wanawake wengine waliihudumia kazi ya Yesu kwa mali zao. Hakuna mahali Biblia inapomwita kahaba. Katika sura inayotangulia kuna mwanamke mwenye dhambi asiye na jina, mwenye chupa ya alabasta, anayeipangusa miguu ya Yesu kwa nywele zake. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza alihubiri akiwaunganisha wanawake hao, pamoja na Mariamu wa Bethania, wawe mtu mmoja. Wachoraji wakachukua chupa na nywele wakampa Magdalene, na kwa zaidi ya miaka elfu picha hiyo ikawafundisha watu ambao hawakusoma. Kalenda ya kanisa Katoliki iliporekebishwa mwaka 1969 iliacha kumhesabu kuwa mwanamke yule, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, iwe sikukuu. Nenda leo ukamwulize mtu yeyote Magdalene alikuwa nani. Tarehe hizo zote hazijaishinda chupa.

Kitu chake katika mfululizo wetu kilikuwa na ubishi wa wiki nzima. Marko sura ya 16 inampa manukato ya kumpaka marehemu, na hayo ni halali kabisa, ila manukato hukaa chupani, na chupa ikionekana mkononi mwake macho ya watu yatakimbilia kule kule. Tukaichukua Yohana sura ya 20 badala yake, ambapo hana chochote mkononi, na kitu chenye rangi ni vile vitambaa vya sanda ndani ya kaburi. Nywele zake zimefunikwa. Kanuni anayoivunja ni ya sauti: katika vipindi vyote msimulizi ni mmoja, lakini hapa sauti ya pili inasikika, kwa neno moja tu, jina lake, naye anageuka.

Mpangilio wa kuonyesha haukufuata vitabu vya Biblia. Hajiri anatangulia kwa sababu anafahamika pande zote mbili na kipindi chake ni chepesi kwa macho. Yaeli amewekwa wa tatu, mtazamaji akiwa ameshazoea vivuli na hawezi tena kudhani kwamba utulivu wao unamaanisha hakuna kitakachotokea. Rispa ni wa tano. Tulijaribu kumweka wa pili, na watu tuliowaonyesha walifikiri filamu imekwama pale anapokaa bila kusogea. Mmoja alianza kubofya simu yake kuona kama intaneti imekatika.